Mteja akisema "niongezee tu na hiki kidogo"

Natengeneza websaiti za maduka hapa Dar, na kinachonilia muda kuliko vyote ni ile voisi ya saa tatu usiku: "mwanangu, niwekee tu na sehemu ya kulipia."

Chukua mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo. Tulipatana kurasa tano, 1,200,000, nusu advansi, wiki tatu. Wiki ya kwanza akaomba nibadili rangi ya vitufe, nikabadili. Wiki ya pili ndo akataka wateja walipie kwa simu humo humo. Kwake hicho ni kitufe kama vile vingine tu, lakini nyuma yake kuna akaunti ya biashara kwa kampuni ya malipo, ukurasa wa oda, na kuhakikisha mtu akilipa halafu mtandao ukakata oda yake haipotei, hapo bado hujajaribu kwa hela halisi. Siku sita. Hakuibii huyo, kazi yenyewe haioni.

Usiku ule sikujibu kitu. Asubuhi nikamwandikia:

"Shikamoo mama. Malipo yanawezekana, ila hayamo kwenye kurasa tano tulizopatana. Naweza kukuwekea Lipa Namba yako na kitufe cha WhatsApp chini ya kila kitenge, hiyo nafanya kwa bei ile ile na tarehe haibadiliki. Au malipo kamili, 500,000 na siku sita zaidi. Nikuwekee ipi?"

Hakuna "hapana" hapo, anachagua mwenyewe. Na siku usizisahau, wengi tunataja hela tu, halafu tarehe ya kukabidhi ikipita lawama zote zako. Akachagua Lipa Namba, ndani ya masaa mawili nikawa nimemaliza. Angechagua ile kubwa nisingegusa kitu mpaka aandike ndiyo na atume advansi ya hiyo nyongeza. Akipiga simu tunaongea vizuri tu, nikikata namtumia kwa meseji tulichokubaliana, maana baada ya wiki mbili kila mtu anakumbuka la kwake.

Zile rangi za bure nazo niliziandika kwenye invoisi: kubadili rangi 40,000, punguzo 40,000, anadaiwa 0. Ukinyamaza, mteja anajua mabadiliko hayana bei, na siku ukitaja bei anaona umebadilika wewe.

Hii njia inagoma pale makubaliano yenyewe yalipokuwa ya juu juu. Kuna mteja niliwahi kumwandikia "websaiti ya duka" basi, akaniuliza duka gani halipokei hela, na alikuwa na haki, nikafanya kwa nusu bei. Tangu hapo kwotesheni yangu ina sehemu ya vitu ambavyo havimo: malipo ya mtandaoni, kupiga picha za bidhaa, lugha ya pili. Tunaisoma pamoja kabla hajatoa hata shilingi.