Kadi Kubwa Haikusaidii Kama Umeshakufa

Jumamosi iliyopita hapa Kisumu kijana mmoja wa Nyalenda amekuja na deki yake ya Hearthstone, ule mchezo wa kadi wa kwenye simu na kompyuta, akaniambia ati "kocha, nimejaza kadi kali tupu, sijui mbona napigwa kila siku." Hii maneno nimeisikia mara nyingi sana mwaka huu na nimechoka kuijibu mdomo kwa mdomo, kwa hivyo wacha niiandike mara moja.

Dhana yenyewe ni kwamba kadi ya bei, yaani inayolipiwa mana nyingi, ile sarafu ya ndani ya mchezo unayopewa kila zamu, ndio kadi kali, basi ukijaza za bei utashinda. Si kweli. Tumefungua deki yake tukahesabu, kati ya kadi 30 alikuwa na 14 za mana sita kwenda juu na za mana moja au mbili zilikuwa tano tu. Nikachukua vifuniko vya soda nikamwambia hivi ndio mana. Zamu ya kwanza nikaweka kimoja, ya pili viwili, mpaka ya tano, na kila zamu akikosa kadi ya kucheza natoa vifuniko navitupa kando kwa sababu mana ya zamu hii haiendi zamu ijayo, ikibaki imeisha. Kufika hapo kando kulikuwa na vifuniko 15. Hiyo ni mana 15 umetupa ukitazama tu.

Sasa cheki mwenzako anafanya nini. Zamu ya pili anaweka kiumbe cha nguvu tatu, ya tatu kingine cha tatu, ya nne cha nne, ya tano cha nne tena. Kiumbe cha kawaida hushambulia kuanzia zamu inayofuata, kwa hivyo zamu ya tatu unakula 3, ya nne 6, ya tano 10, jumla 19 na ulianza na uhai 30. Umebaki na 11. Zamu ya sita ndio unaweka lile dude lako kubwa, na kama halina Taunt, ule uwezo wa kulazimisha adui alipige kwanza, haliwezi kukukinga, yeye anakupita na 14 usoni na mechi imeisha hata halijapiga mtu.

Na usiniambie ilikuwa bahati mbaya. Ukianza wewe unapewa kadi 3, ukifika zamu ya pili umeona 5. Ukiwa na kadi rahisi tano kwa deki nzima, karibu mechi 37 kwa kila 100 hutakuwa umeona hata moja. Ukiwa nazo 12 inashuka mpaka kama 6. Ni kweli unaruhusiwa kurudisha kadi za mwanzo ubadilishiwe na hiyo inapunguza hizo namba zote mbili, lakini ukirudisha kwa deki yenye tano utapewa nini kama si dude lingine?

Tulichofanya ni kutoa kubwa 7 tukaweka 7 za mana moja na mbili, zile za katikati zikabaki 11. Ukipanga kadi za deki yako kwa bei, kila bei fungu lake, unataka uone kilima kiko upande wa kushoto na mkia mfupi kulia, huo ndio mkunjo wa mana. Kuna deki za kujikinga zenye kubwa nyingi, ndio, lakini angalia vizuri utapata zimebeba za bei rahisi za kusafisha meza. Na hii hesabu usiipeleke kwa ule mchezo mwingine wa kadi, Slay the Spire, vile ilivyo, huko unaanza na nguvu 3 za kulipia kadi kila zamu, haipandi yenyewe.

Dhana nyingine imetoka kwa kadi zetu za mtaani, ile ya kusema "niko kadi". Huko kumaliza mkono ndio kushinda, kwa hivyo mtu anaona mkono ukiisha anafurahi. Huku mkono mtupu ni njaa, unavuta moja tu kwa zamu. Ukitumia kadi mbili kuua kiumbe kimoja umepoteza moja, na mtu akicheza Arcane Intellect, mana tatu avute mbili, hajalala, ametoa moja akapata mbili. Nashauri kila mtu anayeanza abebe angalau kadi mbili za kuvuta, na hapo sibishani.

Halafu hii ya kuchanganya kadi nzuri kutoka kila mahali. Murloc ni kabila moja la viumbe, na Murloc Warleader anaongezea Murloc wengine wako nguvu 2 kila mmoja. Ukiwa na Murloc wengine watatu mezani hiyo ni nguvu 6 bure. Kama deki yako nzima ina Murloc wanne, mara nyingi atashuka peke yake na hapo ni kiumbe cha kawaida tu cha mana tatu. Yule kijana alikuwa naye, tukamtoa pia tukaweka kingine cha mana tatu chenye Taunt.