Ekari tano za babu, ekari tatu za baba

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka mashauri kadhaa yaliyopita mezani petu, katika kituo cha msaada wa kisheria hapa Tanga mjini, ili familia yoyote isitambulike. Anayeishi Muheza, Pangani au Korogwe huenda akadhani nimemsema jirani yake.

Mzee mmoja wa Kibondei, Mwislamu, alifariki kijijini kwake wilayani Muheza. Aliacha mke, watoto wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Mali yake kubwa ilikuwa shamba la ekari 8 la michungwa na minazi: ekari 5 alipewa na baba yake, ekari 3 alinunua kwa jirani na karatasi ya mauziano ipo. Baada ya arobaini, ami yao aliitisha kikao cha ukoo. Wanaume waliketi barazani, wanawake wakawa uani kwenye masufuria. Ikaamuliwa kwamba zile ekari 3 zigawanywe kwa dini, lakini ekari 5 za babu zibaki mikononi mwa mtoto mkubwa wa kiume kwa niaba ya ukoo. Mabinti wangekula matunda wakija, basi. Binti wa pili, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya talaka na ndiye aliyekuwa akilipalilia shamba, akauliza sehemu yake iko wapi.

"Mwanangu," ami akamjibu, "shamba la ukoo halimfuati mwanamke kwa mumewe."

Mume mwenyewe hakuwa naye tena, lakini kikao kilikwisha hapo.

Alipofika kwetu aliuliza kama wengi wanavyouliza: ipi ina nguvu, mila au sheria ya serikali? Nilimwomba aliweke swali hilo kando kidogo, maana kwanza tulitakiwa kujua zile ekari 5 zilikuwa mali ya nani siku baba yake alipokata roho.

Neno "shamba la ukoo" huficha mambo mawili tofauti. Linaweza kumaanisha shamba ambalo babu alifariki bila kuligawa, watoto wake wakaendelea kulima kila mmoja upande wake. Hapo ami ana hoja nzito: mirathi ya babu haijafunguliwa, na wenye haki ndani yake ni pamoja na ami mwenyewe na mashangazi wote, ambao mara nyingi hakuna anayewakumbuka. Au linaweza kumaanisha shamba ambalo babu alimkabidhi mwanawe akiwa hai, kila mtoto akapata lake, kisha jina la ukoo likabaki kama heshima tu. Hapo shamba ni mali ya marehemu sawa na zile ekari za kununua.

Namna ya kutambua si ngumu ukienda shambani. Uliza nani alipanda miti iliyopo na nani amekuwa akiuza machungwa bila kuomba ruhusa ya mtu. Angalia mipaka. Katika kisa chetu palikuwa na mstari wa mikonge kati ya shamba la marehemu na la ami. Majirani wawili wazee walikumbuka siku babu alipousimamia upandwe, na ami alikuwa ameuza kipande cha upande wake bila kumuuliza mtu. Aliyeuza chake kama mali yake hawezi kusema cha kaka yake ni cha wote.

Baada ya hapo ndipo likaja swali la sheria ipi. Mila ambayo ami aliitaja imeandikwa. Ni Amri ya Tamko la Sheria za Kimila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436. Katika sehemu yake ya urithi, kanuni ya 20 inamruhusu mwanamke kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo: hiyo anaweza kuitumia lakini hawezi kuiuza, ila pale ambapo ukoo hauna mwanamume. Warithi wamepangwa kwa madaraja matatu, na mabinti wako daraja la mwisho. Kanuni ya 27 inamnyima mjane fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto aliowatunza. Niseme pia kwamba tamko hilo liliandikwa kwa misingi ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, na katika mkoa wetu wapo Wadigo na Wazigua ambao kwa asili walifuata ukoo wa mama. Kwa hiyo mtu anapopiga meza na kusema "mila zetu", ni halali kumuuliza zetu akina nani.

Tamko hilo limekwisha kugongwa mara mbili. Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua shauri lililotoka Kagera. Mwanamke alirithishwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, na uzeeni akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akadai mauzo yafutwe kwa kuwa mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji alisema ubaguzi huo haupatani na Katiba, na kwamba haki ya mwanamke na ya mwanamume katika ardhi hiyo sasa ni moja. Lakini hakuitupa mila yote. Mila ya mwanaukoo kuikomboa ardhi iliyouzwa nje aliiacha isimame, akampa mpwa miezi 6 ya kumrudishia mnunuzi pesa yake kama analitaka shamba.

Pigo la pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kifungu cha 20 kinasema ardhi ya kijiji itaongozwa na mila, kisha kinaongeza kwamba kanuni ya mila, au uamuzi uliofanywa juu ya ardhi hiyo, ni batili kwa kiasi kinachowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Neno "uamuzi" ndilo la kushika hapa. Kikao cha barazani nacho ni uamuzi, na baraza au mahakama yoyote imekatazwa kuupa nguvu.

Hata hivyo tamko la 1963 halikufutwa kwa hukumu ile ya 1990. Wajane wawili walipoiomba Mahakama Kuu iziondoe kanuni zake za urithi, mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba zinabagua lakini ikakataa kuziondoa, ikihofia kufungua mlango wa kupinga kila mila. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona haki zao zilivunjwa. Ndiyo maana bado utasikia kanuni ya 20 ikinukuliwa mahakamani, mara nyingine na watu wasiojua kilichotokea baadaye.

Mdogo wa yule binti aliyekuja kwetu, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipokisikia kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji alifurahi kupita kiasi. "Basi ni sawa kwa sawa," alisema kwenye simu. Hapana. Kifungu cha 20 kinabomoa ukuta wa mila, hakipangi mafungu. Mafungu hutoka katika sheria inayomhusu marehemu, na mahakama huitafuta kwa kutazama alivyoishi na alivyotaka. Huyu aliishi Kiislamu: ndoa, mazishi, hitima, hata zile ekari 3 ukoo wenyewe ulikubali zigawanywe kwa dini. Nami hapo ndipo ninapogombana na vikao vyetu. Ukoo uliifuata dini kwenye ekari za kununua na kuifuata mila kwenye ekari za babu, na mstari kati ya hizo mbili ukapita pale pale penye faida ya wanaume. Mirathi ya Kiislamu haina fungu la pekee kwa ardhi ya ukoo. Kilichokuwa cha marehemu chote kinaingia kwenye hesabu moja.

Hesabu yenyewe hapa ilikuwa nyepesi. Mjane mwenye watoto hupata moja ya nane. Inayobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Wanaume wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni matatu, jumla saba, na ile moja ya nane ya mama inatimiza nane. Kwa ekari 8: mama 1, kila mtoto wa kiume 2, kila binti 1. Wakitaka kulingana, watu wazima wanaweza kukubaliana kwa hiari yao, lakini mahakama haiwalazimishi. Marehemu angekuwa Mkristo aliyeachana na maisha ya kimila, ingetumika sheria ya urithi ya India ya 1865 tuliyoirithi kwa Mwingereza: mke theluthi moja, watoto theluthi mbili sawasawa, yaani kila mtoto zaidi kidogo ya ekari moja.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye karatasi. Kaka mkubwa aliomba usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo akiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao ambao hakuna mwanamke aliyeusaini. Akateuliwa. Kanuni za 1971 zinampa msimamizi miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Tulimshauri binti aombe kuiona Fomu Na. 5. Ilitaja ekari 3. Zile 5 hazikuwamo kabisa, na kwa kuwa hazikuandikwa, hakuna hakimu ambaye angeulizwa kuzihusu.

Tulimsaidia kuandika pingamizi kwenye jalada lile lile la mirathi, akaambatanisha majina ya wazee wawili wa mpakani. Hakukimbilia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, wala hakufungua kesi ya ardhi peke yake, kwa sababu anayesimama kwa mali ya marehemu ni msimamizi. Mahakama ilisikia ushahidi wa mstari wa mikonge, ikaamuru orodha irekebishwe isomeke ekari 8.

Siku ya kupima, mama alichagua ekari yenye nyumba. Binti akachukua ya jirani nayo, penye michungwa aliyokuwa akiipalilia. Ami alikuja, akakaa juu ya kisiki, hakusema neno hadi kamba ilipokunjwa. Kisha akamwita. "Mwanangu, ukitaka kuuza, niambie mimi kwanza." Binti alimkubalia, na tukaliandika hilo kwenye makubaliano, kwa sharti kwamba kaka zake nao wafungwe na maneno hayo hayo. Kaka mkubwa alichelewa kidogo kusaini.