Miezi sita baada ya chuo: riba ya mkopo wa masomo inavyogeuka deni la msingi Marekani

Kila mwaka, kuanzia Oktoba, ofisi yetu ya misaada ya fedha hupokea wahitimu wenye swali lilelile: "Nilikopa dola elfu kumi, sijakopa tena, mbona barua inasema nadaiwa karibu elfu kumi na mbili?" Wengi wao ni watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, waliotoka Kongo, Kenya au Tanzania, na mara nyingi mjomba au shangazi amesaini kama mdhamini. Hakuna aliyewaibia. Ila katika miezi ile sita ambayo hawakutakiwa kulipa kitu, hesabu ya riba haikusimama, na siku ya mwisho ya miezi hiyo ikawa na uzito ambao hakuna aliyewaeleza.

Kipindi hicho cha neema humpa mhitimu nafasi ya kutafuta kazi kabla marejesho hayajaanza. Kwa mikopo ya serikali ya shirikisho inayotolewa sasa kwa wanafunzi ni miezi sita, na kampuni nyingi binafsi zimefuata muda huohuo. Kinachoahirishwa ni malipo tu. Riba huendelea kuhesabiwa kila siku, isipokuwa kwenye mkopo wa serikali wenye ruzuku, ambapo serikali yenyewe hubeba riba mwanafunzi akiwa chuoni na katika kipindi cha neema. Mkopo wa serikali usio na ruzuku, na mkopo wowote wa benki au kampuni binafsi, unamwachia mkopaji riba yote tangu siku fedha zilipotolewa.

Tuchukue mfano wa mkopo binafsi, kwa sababu huko ndiko jambo hili linakouma zaidi, na ndiko wanakoishia wanafunzi wa kigeni wenye viza ya F-1, ambao hawaruhusiwi kupata mikopo ya serikali. Mwanafunzi amechukua dola 10,000 tarehe 1 Septemba 2024, kwa riba isiyobadilika ya asilimia 9 kwa mwaka. Amechagua kutolipa chochote hadi amalize. Riba ya siku moja hupatikana hivi:

```
10,000 × 0.09 ÷ 365 = 2.47
```

Anamaliza masomo tarehe 15 Mei 2026, baada ya siku 621. Kufikia hapo riba imefika dola 1,531. Kipindi cha neema kinakwenda hadi tarehe 15 Novemba, siku nyingine 184, na kinaongeza dola 454. Jumla ya riba ambayo haijalipwa ni dola 1,985. Mpaka siku hiyo kiasi hiki kimeandikwa pembeni, peke yake. Hakijazaa kitu, kwa kuwa kila siku riba imekuwa ikihesabiwa juu ya zile 10,000 tu.

Neema inapoisha, mkopeshaji anachukua zile 1,985 na kuziingiza kwenye deni la msingi. Sasa msingi ni dola 11,985, na kuanzia kesho yake riba inahesabiwa juu ya kiasi hicho kipya. Ile ya siku moja inapanda kutoka dola 2.47 hadi 2.96. Ongezeko la senti 49 ni dogo machoni, lakini linatozwa kila siku, na kiwango cha malipo ya kila mwezi kimepangwa juu ya msingi mpya. Kwa mpango wa miaka kumi, msingi wa 10,000 ungemtaka alipe dola 126.68 kwa mwezi. Msingi wa 11,985 unamtaka alipe 151.82. Tofauti ya dola 25 na senti 14 kwa miezi 120 inafika takriban dola 3,017. Maana yake ni kwamba ile riba ya 1,985 ataimaliza kwa kulipa 3,017, na zaidi ya dola elfu moja katika hizo ni riba juu ya riba.

Nimekutana na wahitimu wanaoamini kwamba hawawezi kulipa kitu mpaka bili ya kwanza ije. Wanaweza. Malipo ya hiari katika kipindi cha neema yanaruhusiwa, na hayafupishi kipindi chenyewe. Huyu wa mfano wetu akilipa dola 1,985 zote kabla ya tarehe 15 Novemba, msingi unabaki 10,000. Akiwa na 500 tu, alipe hizo 500, maana kwa riba hii na muda huu kila dola 100 anayoizuia isiingie kwenye msingi inamwondolea dola 152 za marejesho ya baadaye. Malipo yatumwe siku kadhaa kabla ya tarehe yenyewe, kwani uhamisho wa benki huchukua siku kuonekana kwenye akaunti ya mkopo, na kinachohesabiwa ni siku malipo yalipopokelewa. Vilevile, anayelipa riba yote mwezi Agosti asidhani amemaliza: kuanzia Agosti hadi Novemba riba mpya imekuwa ikijikusanya, na hiyo nayo itaingia.

Je, tarehe ikipita? Bado anaweza kupunguza madhara kwa kulipa ziada ya bili, na ziada hiyo itakata msingi kwa kiasi kilekile. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao bila kujua. Kampuni inayosimamia mkopo inaweza kuipokea ziada kama malipo ya awali ya bili ya mwezi ujao, kisha mwezi ujao ikaandika kwamba anadaiwa sifuri, naye akatulia asilipe. Atoe maagizo kwa maandishi kwamba ziada ielekezwe kwenye msingi bila kusogeza tarehe ya bili inayofuata, halafu aendelee kulipa kila mwezi kama kawaida. Mwenye mikopo kadhaa ataje pia ni mkopo upi, la sivyo fedha hugawanywa kote, hata kwenye ule wenye riba ndogo.

Kuna wanaochagua mpango wa kulipa dola 25 kila mwezi wakiwa bado chuoni, wakidhani umemaliza tatizo. Mpango huo ni mzuri, lakini kwenye mfano wetu riba ya mwezi ni karibu dola 75. Zile 50 zinazobaki zinaendelea kujikusanya, na zitaingizwa kwenye msingi kama kawaida.

Mikopo ya serikali ina kanuni tofauti, na taarifa nyingi za zamani zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp haziijui. Tangu tarehe 1 Julai 2023, Wizara ya Elimu ya Marekani imeacha kuingiza riba kwenye msingi pale mkopaji anapoanza kulipa kwa mara ya kwanza baada ya neema, kwa mikopo inayomilikiwa na wizara yenyewe. Riba iliyokusanyika bado ni deni lake, ila inabaki pembeni. Haizai riba nyingine.

Lakini haina maana kwamba haigharimu. Malipo ya kila mwezi hulipa riba kwanza, ndipo yaguse msingi. Tufanye mkopo wetu uleule ungekuwa wa serikali, kwa riba ileile, na mkopaji analipa dola 151.82 kila mwezi. Dola 75 za kwanza zinafunika riba ya mwezi huo. Zinazobaki, karibu 77, zinakwenda kwenye ile riba ya zamani ya 1,985, na itachukua takriban miezi 26 kuimaliza. Muda wote huo msingi umesimama kwenye 10,000. Kwa kiwango hicho deni lingekwisha katika mwezi wa 117 badala ya 120, nafuu ya kama dola 450 ikilinganishwa na mkopo binafsi. Ni nafuu ya kweli, ila anayeona miaka miwili inapita bila msingi kushuka hata dola moja asiambiwe kwamba amekosea kulipa. Ndivyo malipo yanavyopangwa.

Nafuu hiyo inapotea kwa urahisi. Njia ya kawaida ni kuunganisha mikopo ya serikali kuwa mmoja. Mkopo mpya unalipa ile ya zamani yote, msingi pamoja na riba iliyokuwa pembeni, kwa hiyo riba hiyo inakuwa sehemu ya msingi wa mkopo mpya. Tena mkopo ulioungwa hauna kipindi cha neema. Mhitimu anayeunganisha mwezi Juni anaweza kuanza kudaiwa malipo miezi kadhaa mapema kuliko alivyotegemea. Sisi huwashauri wanaohitaji kuunganisha walipe kwanza riba wanayoiweza, na waombe ombi lao lishughulikiwe neema inapokaribia kwisha. Vilevile, akiomba kuahirisha malipo baadaye, kwa mfano kwa kukosa kazi, riba ya mkopo usio na ruzuku iliyokusanyika katika muda huo wa kuahirisha inaweza kuingizwa kwenye msingi muda huo unapoisha.

Jambo jingine linalowakuta watu bila kutarajia ni siku ambayo neema huanza. Saa haianzi kuhesabu siku ya mahafali. Inaanza pale mwanafunzi anaposhuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, ambao kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni kredi sita kwa muhula. Aliyebakiza somo moja la kredi tatu na kulisoma peke yake muhula wa mwisho, neema yake imekuwa ikipungua tangu muhula uliotangulia ulipoisha. Wapo waliovaa joho Mei huku miezi mingi ya neema ikiwa imeshakwenda. Kwenye mkopo wa serikali, anayerudi chuoni kwa angalau nusu ya mzigo kabla miezi sita haijaisha hurudishiwa neema yake kamili. Kwenye mkopo binafsi inategemea mkataba.

Kwa hiyo mwenye mkopo binafsi, na mdhamini wake, wasome sehemu ya mkataba inayoeleza ni lini riba inaongezwa kwenye msingi. Kwa wengi ni mara moja, neema inapoisha. Ipo mikataba inayofanya hivyo kila robo mwaka hata mwanafunzi akiwa bado darasani, na kwa mkopo wa namna hiyo kusubiri hadi neema ikaribie kwisha ni kuchelewa sana.

Kwenye akaunti ya mtandaoni, tafuta mistari miwili: `Principal Balance`, yaani msingi, na `Unpaid Interest`, riba ambayo haijalipwa. Ipige picha skrini wiki moja kabla ya neema kuisha, kisha tena baada ya taarifa ya kwanza kutoka. Ikiwa riba imerudi karibu na sifuri na msingi umepanda kwa kiasi hichohicho, imeingizwa. Mara nyingi utaona pia mstari wa `Capitalized Interest` kwenye historia ya miamala. Kwa mkopo binafsi hilo ni la kutarajiwa, linganisha tu kiasi na ulichokokotoa. Kwa mkopo wa serikali ambao haujaungwa, andikia kampuni inayousimamia, ambatisha picha zote mbili, na uulize ni kanuni gani iliyotumika. Wasipojibu, peleka malalamiko kwenye StudentAid.gov, ambako yanasajiliwa kwa namba na unaweza kuyafuatilia.