Sita ya Kijerumani si F7, na sita ya Napoli haipandi

Dhana: Kodi ya sita ya Kijerumani ni F7 iliyopewa jina la kujidai.

Dhana hii huzaliwa kwenye kinanda, na watunzi wengi wa kwaya hapa Dar hutungia hapohapo. Katika A maina vidole vinakaa palepale: F, A, C na kitufe cheusi kilicho kati ya D na E. Kinachotofautiana ni kazi ya kitufe hicho. Kwenye F7 ni E flati, nayo hushuka hadi D kodi inapokwenda B flati. Kwenye sita ya Kijerumani ni D shapu, nayo hupanda hadi E, huku F ya besi ikishuka nusu toni hadi E nyingine. Umbali huo wa F hadi D shapu ndio sita iliyotanuliwa, na hutanuka zaidi mpaka kuwa oktava. Kwa hiyo usimwandikie soprano E flati: macho yatamwambia ashuke, wakati wimbo unampandisha.

Dhana: Sita zote tatu zilizotanuliwa huingia E meja moja kwa moja.

Ya Kiitalia (F–A–D♯) huingia bila shida. Kwa sauti nne rudia A, kamwe si F wala D shapu, maana zikirudiwa huleta oktava sambamba. Ya Kifaransa (F–A–B–D♯) nayo haina neno. Tatizo liko kwa ya Kijerumani: F na C ni umbali wa tano, na zote zikishuka pamoja hadi E na B, unapata tano sambamba. Mozart aliziachia mara nyingine, lakini mwanafunzi hukatwa alama.

Njia salama ni kupitia A maina yenye E kwenye besi. Toka besi hadi soprano, anza na F–C–A–D♯, kisha E–C–A–E, halafu E–B–G♯–E. Tenor na alto wamesubiri hatua moja, basi tano zimekwisha.

Dhana: Sita ya Napoli huitwa hivyo kwa sababu imejengwa juu ya noti ya sita.

Imejengwa juu ya noti ya pili iliyoshushwa. Katika A maina ni B flati meja iliyogeuzwa, D ikiwa chini. Sita ni umbali wa D hadi B flati. Rudia D.

Wengi hukosea kwa kuipandisha B flati hadi B. Noti iliyoshushwa huendelea kushuka: D–D–F–B♭ huenda E–B–E–G♯. Soprano anaruka kutoka B flati hadi G shapu, na ndiyo ladha yenyewe. B ya tenor inagongana kidogo na B flati iliyotangulia; iache, mgongano huo unakubalika hapa.