Je, wajua kwa nini buu mmoja wa nyuki anaweza kuwa malkia au kibarua?

"Mzinga wangu hapa Chunya ukipotelewa na malkia, baada ya siku chache naona vibarua wanalea mwingine kutoka kwenye mabuu yale yale ya vibarua. Malkia anatokaje kwenye yai la kibarua?"

Yai la kibarua halipo. Kila yai lililorutubishwa lina jeni zote za malkia na zote za kibarua. Kinachoamua ni jeni zipi zitasomwa, na uamuzi huo huanzia kwenye chakula.

Kwa takriban siku tatu za mwanzo mabuu wote hulishwa maziwa ya nyuki, ule ute mweupe mzito unaotoka kwenye tezi za kichwani mwa nyuki walezi. Baadaye buu wa kibarua hupunguziwa, akaanza kupewa asali na chavua. Yule wa malkia huendelea kuogelea ndani ya maziwa hayo hadi chumba chake kifungwe.

Sasa tuingie kwenye seli. Kimeng'enya kiitwacho Dnmt3 hubandika kemikali ndogo, methili, juu ya herufi C ya DNA, hasa pale inapofuatwa na G. Herufi haibadiliki, ila jeni husomwa tofauti. Mwaka 2008 watafiti wa Canberra, Australia, waliwadunga mabuu wachanga kitu cha kuizima jeni ya Dnmt3. Wengi wao wakatoka na ovari kubwa za malkia, ilhali wenzao ambao jeni hiyo haikuzimwa wengi walitoka vibarua. Hilo kwangu ndilo jambo la ajabu kuliko yote: waliondoa uwezo wa kubandika alama tu, na umbo zima la nyuki likageuka.

Alama ya pili iko kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Histoni zina chaji chanya na DNA ina chaji hasi, hivyo hushikana kwa nguvu. Asetili, kemikali nyingine ndogo, ikibandikwa kwenye histoni hufuta sehemu ya chaji hiyo chanya, uzi unalegea, na jeni inasomeka. Vipo vimeng'enya vinavyoibandua asetili, na ndani ya maziwa ya nyuki kuna asidi ya mafuta, 10-HDA, ambayo maabara imeonyesha kwamba huvizuia.

Lakini maziwa peke yake si jibu lote, kwa sababu wingi wa chakula na sukari yake navyo vina nguvu. Tena, kwa binadamu methili ikiwa mwanzoni mwa jeni mara nyingi huizima kabisa, ila kwa nyuki hukaa zaidi ndani ya jeni na huonekana kuhusika na namna ujumbe unaonakiliwa kutoka kwenye jeni hiyo unavyokatwa na kuunganishwa.

Alama hizi huwekwa mapema. Buu aliyevuka siku tatu, hata akilishwa vizuri, huweza kutoka malkia nusunusu mwenye ovari ndogo. Kwa hiyo ukiupa mzinga usio na malkia sega kutoka mzinga mwingine, chagua lenye mayai na mabuu wadogo kabisa, wale wanaoonekana kama uzi mweupe uliopinda chini ya chumba.