Miaka 11: mtoto yule yule, kesi mbili tofauti Namanga huku na kule

"Nimeambiwa mtoto wa miaka 11 akiiba simu Arusha anaweza kufikishwa mahakamani, ila akiiba Nairobi hashtakiwi kabisa. Si wote wako chini ya 18? Inakuwaje?"

Inakuwa hivyo kwa sababu 18 siyo namba inayojibu hilo swali. Namba inayojibu inaitwa umri wa kuwajibika kijinai, na kila nchi imeiweka pake. Tanzania Bara imo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, na inaanzia miaka 10. Kenya imo kwenye Sheria ya Watoto ya 2022, kifungu cha 221, na inaanzia 12, ingawa kabla ya sheria hiyo ilikuwa 8 tu.

Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu chini ya 18 hashtakiwi, basi. Nilikuwa nawaambia hadi wadogo zangu, "we bado mtoto, sheria haikugusi," na nikiangalia sasa hivi ule ulikuwa ushauri wa hatari, kwa sababu kijana wa miaka 15 au 16 anashtakiwa vizuri tu, anasomewa shitaka, mashahidi wanaitwa, na akikutwa na hatia anakuwa na hatia. Kinachobadilika kwa sababu hajafika 18 ni namna anavyoshughulikiwa. Kwa Tanzania kesi inaenda Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii anahusishwa, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Kwa hiyo 18 inaamua utapelekwa wapi na utafanywa nini, wakati ile namba ndogo ndiyo inaamua kama kosa linaweza kuhesabiwa kuwa lako kabisa.

Na kuna kosa la pili linalofuatana na hilo la kwanza, watu wakishasikia "kuwajibika kijinai kuanzia 10" wanaelewa kwamba ukifika 10 unahukumiwa kama mtu mzima. Hapana. Chukua Uskoti, ambako umri huu ulikuwa 8 mpaka Desemba 2021, moja ya namba za chini kabisa Ulaya, ila tangu 1971 watoto wengi waliofanya makosa walikuwa wanapelekwa kwenye vikao vya watoto ambavyo siyo mahakama za jinai, wanakaa mezani na raia wa kawaida waliofunzwa, kinachojadiliwa ni huyu mtoto anahitaji nini. Ujerumani nayo namba ni 14, lakini haina maana kwamba mtoto wa miaka 13 aliyempiga mwenzake na chuma anaachwa aende zake, idara ya ustawi wa vijana na mahakama ya familia zinaweza kuingilia, hata kumtoa nyumbani ikibidi. Ukilinganisha namba peke yake bila kuuliza upande wa pili wa namba kuna nini, utadhani nchi fulani ni katili na nyingine ni dhaifu, kumbe hujaona chochote bado.

Wazo la kwamba binadamu ana mistari zaidi ya mmoja siyo geni kwetu, watu wa pwani wanalijua kutoka kwenye fiqhi, yaani sheria za Kiislamu: kubalehe kunakuletea wajibu wa swala na saumu, ila mali ya yatima haikabidhiwi kwa kubalehe tu, anajaribiwa kwanza mpaka ionekane ana rushdi, yaani ana busara ya kushika mali. Maswali mawili, vipimo viwili. Sheria za serikali nazo ziko hivyo hivyo, kura 18, kugombea urais wa Tanzania 40, na kadhalika.

Sasa kitu ambacho kwangu ndo kinavutia zaidi ya vyote ni kwamba hata huo umri wa kuwajibika kijinai wenyewe siyo mstari mmoja. Fikiria nyumba yenye milango mitatu. Wa kwanza umefungwa kwa komeo, kwa Tanzania Bara huo ni wa watoto chini ya miaka 10, hata mwendesha mashtaka awe na video ya tukio na mashahidi kumi hawezi kuufungua. Wa tatu uko wazi, ni wa kuanzia 12 kwenda juu. Katikati kuna mlango uliorudishiwa tu, haujafungwa kwa ufunguo, ila ukiukuta hivyo unatakiwa uchukulie umefungwa mpaka mtu aje ausukume. Huo ni wa mtoto mwenye 10 au 11. Sheria inaanza kwa kusema huyu hawajibiki, isipokuwa ithibitishwe kwamba wakati anafanya kile kitendo alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kukifanya. Kenya nayo ina mlango wa katikati, ila uko kati ya 12 na 14, ndo maana yule wa miaka 11 wa Nairobi yuko nyuma ya komeo na wa Arusha yuko nyuma ya mlango uliorudishiwa.

Nani anausukuma? Siyo mtoto, wala mzazi wake. Mtoto hana kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwa hajui. Ni upande wa mashtaka ulete ushahidi kwamba alikuwa anajua. Na hapa ndipo mambo huharibika, kwa sababu ni rahisi sana kusema "si ameiba, maana yake alijua." Ukikubali hoja hiyo huo mlango hauna maana tena, kila kitendo kitajisukumia mlango chenyewe.

Kesi inayoonyesha hili vizuri ilitokea Uingereza, ambako nchi zetu zilirithi huu mpangilio. Mwaka 1992 polisi waliona vijana wawili wanachezea pikipiki iliyokuwa imepaki nyumbani kwa mtu, kulikuwa na mtaimbo na mnyororo wa pikipiki unalazimishwa. Vijana wakakimbia, mmoja akakamatwa, ana miaka 12, kwenye hukumu anaitwa C tu. Wakati huo Uingereza mlango wa katikati ulikuwa kati ya 10 na 14. Mahakimu wakasema alikimbia, na uharibifu ulikuwa mkubwa, kwa hiyo alijua ni kosa kubwa. Akatiwa hatiani. Kwenye rufaa Mahakama Kuu ikaenda mbali zaidi, Jaji Laws akasema huu utaratibu wa mlango wa katikati umepitwa na wakati na hauna nafasi tena kwenye sheria, na alikuwa na hoja nzito: mtoto aliyelelewa vizuri ni rahisi kuthibitisha alijua, aliyelelewa ovyo ni vigumu, kwa hiyo kinga inamwendea yule ambaye pengine ndo anahitaji kuzuiwa zaidi.

Mwaka 1995 Baraza la Malodi, ambalo enzi hizo ndo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, likaurudisha mlango mahali pake. Lodi Lowry alieleza kwamba ushahidi wa mtoto kujua lazima uwe kitu kingine zaidi ya kitendo chenyewe, na kukimbia peke yake hakutoshi. Hebu fikiria mwenyewe, mtoto akivunja glasi ya bibi anakimbia, akila sukari ya wizi anakimbia, akiona polisi hata hajafanya kitu anakimbia. Kukimbia kunaonyesha anaogopa kukamatwa, hakuonyeshi kwamba anatofautisha utundu na kosa zito. Na kama utaratibu ni mbaya, walisema, Bunge ndo liubadilishe.

Bunge likaubadilisha kweli, mwaka 1998. Kabla ya hapo, mwaka 1993, watoto wawili wa miaka 10 walikuwa wamemuua mtoto wa miaka 2 Liverpool, na hasira ya wananchi ilikuwa kubwa mno. Ila jambo linalosahaulika ni kwamba ule mlango haukuwaokoa wale wawili, mashtaka waliusukuma kwa ushahidi na wakatiwa hatiani chini ya sheria ile ile ya zamani. Leo Uingereza na Welisi hawana mlango wa katikati, ukifika 10 uko upande wa wazi moja kwa moja, wakati sisi tuliochukua kwao bado tunao.

Tukirudi kwa mtoto wa Arusha. Tuseme amechukua simu sokoni, ameificha chini ya godoro, akiulizwa anasema ameiokota. Kuficha na kudanganya kunafanana na kule kukimbia kwa C, peke yake ni ushahidi mwembamba. Kitakachosukuma mlango ni vitu kama mwalimu kueleza kwamba wiki ileile alikanywa kwa kuchukua kitu cha mwenzake na akaeleza vizuri kwa nini ni vibaya, au ripoti ya afisa ustawi wa jamii kuhusu uelewa wake. Hukumu ya Uingereza haiifungi mahakama ya Tanzania, inaweza tu kuishawishi, lakini maneno ya kifungu cha 15 yenyewe yanataka uthibitisho. Kwa hiyo ukisoma mwenendo wa kesi ya mtoto wa miaka 10 au 11 na hukuti popote panapozungumzia uelewa wake, umekuta simu tu na aliyeiba, basi hoja ya rufaa ipo. Angalia hasa pale mtoto alipojibu "ndiyo" aliposomewa shitaka na kila kitu kikaishia hapo, kwa sababu kukubali kwamba alichukua simu siyo kukubali kwamba alikuwa na huo uwezo wa kujua.

Kwa nini basi jamii zisikubaliane namba moja? Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa imejaribu kusukuma, mwaka 2007 ilisema isiwe chini ya 12, mwaka 2019 ikahimiza angalau 14. Lakini akili ya mtoto haina siku inayowaka kama taa, kwa hiyo popote utakapochora mstari utakosea kwa baadhi ya watoto, na kila nchi inachagua kosa gani inaliogopa zaidi. Denmaki waliishusha kutoka 15 hadi 14 mwaka 2010 kisha wakairudisha 15 mwaka 2012, na watafiti waliofuatilia kile kipindi hawakuona watoto wa miaka 14 wakiogopa kufanya makosa kwa sababu ya sheria mpya. Ni nchi moja na kipindi kifupi, hayo matokeo huwezi kuyahamishia kila mahali.

Na yote haya yanategemea kwanza kujua umri wenyewe. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kupelekwa akapimwe meno au apigwe eksirei ya kiganja, ila vipimo hivyo vinaweza kupotea hata miaka miwili huku au kule, na mlango wetu wa katikati una upana wa miaka miwili tu, kwa hiyo kipimo kinaweza kumrusha mtoto wa miaka 9 akaonekana ana 11. Mama mwenye kadi ya kliniki iliyochakaa, yenye tarehe ya kuzaliwa na za chanjo, ana ushahidi ulioandikwa kabla ya kesi kuwepo, na hiyo kadi aende nayo mahakamani siku ya kwanza kabisa.