Anayeshika hela asishike daftari: dhana potofu kuhusu mgawanyo wa majukumu

Dhana: "Sisi tuko watatu tu. Kugawana majukumu ya fedha ni mambo ya mashirika makubwa."

Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote, na chembe ya ukweli haikosi. Ofisi ya watu watatu haiwezi kuwa na keshia, mtunza vitabu, ofisa manunuzi na mkaguzi wa ndani, kila mmoja na meza yake. Lakini hapa hatuhesabu meza, tunahesabu kazi nne ambazo hela yoyote hupitia. Kuna anayeidhinisha itumike, anayeishika, anayeiandika vitabuni, na anayelinganisha vitabu na kilichopo benki. Hatari huanza pale mtu mmoja anapopata kazi mbili zinazomruhusu kuchukua na pia kuficha. Aliyeshika hela bila daftari anaweza kuiba, ila daftari litamsema. Aliyeshika daftari bila hela anaweza kuandika uongo, ila hana cha kutia mfukoni.

Tuchukue shule ndogo ya chekechea yenye mkuu, mhasibu na karani wa mapokezi. Karani anapokea ada na kukata stakabadhi kwenye kitabu ambacho namba zake zimechapwa tangu kiwandani, nakala inabaki kitabuni. Jioni mkuu anahesabu fedha mbele yake na kusaini nakala ya mwisho ya siku. Kesho yake fedha zinakwenda benki zote, bila kupunguzwa hata ya sabuni. Matumizi madogo yana sanduku lao. Mhasibu hagusi noti. Anaandika vitabu kutokana na nakala za stakabadhi na karatasi ya benki. Mwisho wa mwezi mjumbe mmoja wa kamati ya wazazi, anayejua kujumlisha na kutoa, anapokea taarifa ya benki moja kwa moja kutoka benki na kuilinganisha na vitabu. Huyu wa nne halipwi, na kazi yake haizidi saa moja.

Tuseme ndani ya saa hiyo anajumlisha stakabadhi namba 0351 hadi 0400 na kupata shilingi 2,450,000, halafu anakuta zilizoingia benki ni 2,300,000. Hapo swali la 150,000 lina mtu wa kuulizwa. Lakini mimi humwambia asiishie kwenye jumla, atazame na tarehe. Stakabadhi ya tarehe 3 ambayo fedha yake imeingia benki tarehe 11 inaweza kuwa dalili ya mtu anayeziba shimo kwa shimo: ada ya mzazi wa kwanza imeliwa, ya mzazi wa pili inaingizwa kwa jina la wa kwanza, ya wa tatu kwa jina la wa pili. Mwisho wa mwezi jumla inaweza hata kulingana, huku siku zikiwa zimepinda.

Na ada ikilipwa kwa simu kwenye namba binafsi ya mhasibu, mpangilio wote huu ni bure. Namba ya kupokea malipo iwe ya shule, na fedha zake ziende benki tu.

Dhana: "Sisi tuko salama, hundi zetu zina saini mbili."

Niliwahi kuomba kitabu cha hundi katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Mhasibu akavuta droo, akanipa. Hundi saba za mbele zilikuwa tayari na saini ya mwenyekiti, bila jina la mlipwaji wala kiasi. "Mwenyekiti husafiri sana," akanieleza, wala hakuona haya, maana kwake huo ulikuwa utaratibu mzuri wa kutokwamisha kazi. Saini zilikuwa mbili, mwamuzi mmoja.

Saini ya pili ina maana pale tu anayeitia ameona hati ya malipo, ankara ya muuzaji na uthibitisho wa mtu mwingine kwamba mzigo umefika. Ugonjwa huohuo sasa umehamia kwenye malipo ya mtandaoni: mhasibu anaandaa malipo, kisha anafungua akaunti ya mwenyekiti kwa namba ya siri aliyopewa "kwa dharura" na kujiidhinishia.

Dhana: "Huyu tunamwamini, ametuhudumia miaka mingi."

Mji wa Dixon, jimbo la Illinois nchini Marekani, ulikuwa na wakazi wapatao 16,000. Rita Crundwell alishika fedha za mji huo tangu 1983. Alikuwa mchapakazi aliyesifiwa, na kila kitu kilipita kwake: miamala ya benki, vitabu, hata barua za mji. Desemba 1990 alifungua akaunti yenye jina la mji na herufi RSCDA, ambayo yeye pekee ndiye aliyeitumia. Alihamishia fedha za mji huko, akatengeneza ankara bandia zilizoonekana kama zimetoka serikali ya jimbo, na kuwaambia madiwani kwamba jimbo linachelewesha fedha ndiyo maana barabara hazitengenezwi. Hadi 2012 alikuwa amechukua takriban dola milioni 53.7, nyingi zikienda kwenye farasi wake wa mashindano.

Ajabu ni jinsi alivyokamatika. Mwaka 2011 alichukua likizo ndefu, na karani wa mji aliyeshika nafasi yake akaiomba benki taarifa za akaunti zote za mji. Katika bahasha ikatoka akaunti asiyoijua. Karani akampelekea meya, meya akawaita FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani. Februari 2013 Crundwell alihukumiwa kifungo cha miaka 19 na miezi 7.

Hapakuhitajika mtaalamu. Ilihitajika mtu wa pili kuona taarifa za benki, jambo ambalo kwa miaka zaidi ya 20 halikutokea. Ndiyo maana mhasibu asiyetaka likizo hunitia wasiwasi kuliko anayeomba kila mara. Likizo iwe ya lazima, siku kumi mfululizo kwa mfano, na kazi yake ifanywe na mwingine kwelikweli, isilimbikizwe mezani imsubiri. (Nakiri wengi wanaokataa likizo ni wachovu tu wanaoogopa kukuta rundo la kazi.)

Dhana: "Mkaguzi wa nje ataona."

Dixon ilikaguliwa kila mwaka. Baadaye wakaguzi na benki waliulipa mji karibu dola milioni 40 kumaliza kesi, lakini hilo ni jambo la mahakamani. Mkaguzi huja baada ya mwaka kuisha na hupima sampuli ya miamala. Akaunti ambayo haimo vitabuni anaweza asiiulizie kabisa.

Dhana: "Tukishagawana majukumu, wizi umekwisha."

Hapana. Wawili wakila njama, mgawanyo unapasuka. Ukimpa mume kuidhinisha na mkewe kulipa, hujagawa kitu. Na kwenye ofisi ndogo tundu kubwa huwa ni bosi mwenyewe, anayeweza kumwambia mhasibu "lipa, karatasi zitakuja," na mhasibu akalipa kwa kuogopa kibarua kuota nyasi. Mgawanyo kati ya watumishi haumgusi huyo. Kinachomgusa ni mjumbe wa kamati kupokea taarifa ya benki bila kupitia ofisini kwa bosi, na kuuliza hati ya kila malipo aliyojilipa mwenyewe: posho, mafuta, safari. Nimeona kamati zikikwepa swali hilo kwa heshima ya umri, zikamuuliza karani kuhusu chenji ya sukari.